Ripoti Inaposema Nondo Yako Ina GPa 50

Ripoti ya kupima nondo ikifika Bariadi kutoka maabara, macho hukimbilia namba mbili: mkazo ambapo chuma kilianza kulegea, na mkazo wa juu kabisa kabla hakijakatika. Hizo ndizo anazozitaka mhandisi mshauri, na ndizo zinazoamua kama lori la nondo lililoshushwa kwenye eneo la ujenzi litatumika au litarudishwa lilikotoka. Lakini mashine nyingi siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta huchapa kila inachoweza kukokotoa. Kwa hiyo chini ya namba hizo mbili unaweza kukuta mstari wa tatu, moduli ya unyumbufu, na mbele yake pameandikwa 50 GPa, au 41, au 70.

Nondo ya chuma haina moduli hiyo. Ya kwake ni karibu 200 GPa, iwe ya daraja 300 au 500, iwe imeviringwa Tanzania au imeshuka bandarini Dar es Salaam. Kaboni na manganizi kidogo, pamoja na kupozwa kwa maji baada ya kuviringwa, vinabadilisha sana nguvu ya chuma, lakini unyumbufu wake unatokana na jinsi atomu za chuma zinavyoshikana, na hilo halibadiliki kwa urahisi. Ndiyo maana kanuni za usanifu wa zege za Ulaya zinamwambia mhandisi atumie 200 GPa kwa nondo zote bila kwenda kuipima.

Basi kama namba inajulikana, kwa nini tuipime? Kwa sababu inajulikana. Ukivuta kipande cha chuma ukapata 198 au 203, umejihakikishia kwamba nguvu imesomwa sawa, eneo la nondo ni sahihi na urefu ulioongezeka umepimwa mahali panapostahili. Ukipata 50, kimojawapo hakiko sawa, na haifai kuendelea kuamini namba nyingine zinazotegemea mchoro uleule mpaka ujue ni kipi. Ninaandika haya kwa mafundi sanifu wa maabara, kwa wahandisi vijana wa halmashauri zetu za Simiyu, na kwa mkandarasi anayelipia vipimo na angependa kujua alicholipia.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Mkazo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo la mkato wa nondo. Mnyumbuko ni urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Moduli ni mkazo ukigawanywa kwa mnyumbuko, chuma kikiwa bado kinaweza kurudi kilipokuwa pindi nguvu ikiondolewa. Kwa mizigo miwili iliyochaguliwa, hesabu ni hii:

E = (ΔF × L) / (A × ΔL)

ΔF ni tofauti ya nguvu, L ni urefu unaopimwa, A ni eneo, na ΔL ni urefu ulioongezeka. Karibu kosa lote tutakalozungumzia limejificha kwenye ΔL.

Chukua nondo ya milimita 12, iliyobanwa kwenye mashine ikiwa na urefu wa mm 300 kati ya taya na taya. Eneo lake kwa jina ni mm² 113.1. Tuivute kutoka kN 5 hadi kN 25. Nguvu imeongezeka kN 20, kwa hiyo mkazo umeongezeka MPa 177. Kwa chuma cha GPa 200, mnyumbuko ni 0.00088, na nondo yenyewe kati ya taya imerefuka mm 0.265. Ni kitu kidogo sana, kama robo ya milimita.

Sasa jiulize kompyuta imeupata wapi urefu huo. Kama hakuna kifaa kilichofungwa kwenye nondo, imeupata kwenye boriti ya mashine inayotembea: imetembea kiasi gani tangu kN 5 hadi kN 25. Lakini nguvu ileile inayovuta nondo inapita pia kwenye taya, kwenye kabari zinazozama ndani ya vishikio vyake, kwenye pini, kwenye kifaa cha kupima nguvu, kwenye skrubu au mafuta ya pampu, na kwenye nguzo za fremu. Vyote hivyo ni chuma au mafuta, na vyote vinanyumbuka. Tuseme mashine nzima, nondo ukiiacha kando, hunyumbuka milimita moja kwa kila kN 25. Hapo kwa kN 20 imenyumbuka mm 0.80. Boriti basi imetembea 0.265 na 0.80, jumla mm 1.065. Kompyuta inagawanya hiyo yote kwa mm 300, kana kwamba yote ni ya nondo, na kukuletea 50 GPa.

Mkulima wa pamba wa Maswa au Meatu anaelewa jambo hili bila hesabu: ukipima pamba ikiwa ndani ya gunia, lazima uondoe uzito wa gunia. Tofauti ni kwamba hapa gunia lina uzito mara tatu ya pamba.

Zingatia pia kwamba kosa hili halina kiwango kimoja. Linategemea kipande ulichobana. Nondo ya mm 25 ikibanwa kwenye mashine hiyohiyo itaonekana mbaya zaidi kuliko ya mm 12, maana nondo nene ni ngumu kunyumbuka na hivyo sehemu ya mashine katika jumla inakuwa kubwa zaidi. Nondo ya mm 8 itaonekana nafuu. Ukiona moduli za chuma zinashuka kadiri nondo zinavyonenepa, usitafute sababu kiwandani.

Je, kuna hasara gani kama mhandisi atatumia 200 kwenye hesabu zake bila kujali kilichochapwa? Kwa nondo yenye ngazi dhahiri ya kulegea, ambapo mchoro unapanda, unasimama, kisha unaendelea, hasara ni ndogo, kwa sababu mkazo wa kulegea unasomwa kwenye nguvu na si kwenye urefu. Tatizo linakuja kwenye nondo nyembamba zilizotoka kwenye roli na kunyooshwa baridi, za mm 8 na mm 10. Hizo mara nyingi hazina ngazi. Mchoro unapinda taratibu, na mkazo wa kulegea hutafutwa kwa kuchora mstari ulioanzia kwenye mnyumbuko wa asilimia 0.2, ukienda sambamba na sehemu iliyonyooka, mpaka ukutane na mchoro.

Sasa programu nyingine hukuruhusu kuandika mwenyewe mwinamo wa mstari huo. Fundi anayejua kwamba chuma ni 200 GPa anaandika 200, kwa nia njema kabisa. Lakini mchoro wake umetoka kwenye boriti, na unapanda kwa mwinamo wa, tuseme, 50. Mstari wa 200 ukianzia asilimia 0.2 utaukata mchoro huo mapema mno, kwenye MPa 133. Nondo ya daraja 500 imeandikwa 133, na mwenye nondo anaambiwa mzigo wake ni takataka. Akiacha programu itumie mwinamo uleule wa mchoro wake, jibu linakaribia ukweli, kwa sababu unyumbufu wa mashine unakuwa umeingia pande zote mbili. Kwa hiyo kanuni ni kwamba mstari na mchoro lazima vitoke kwenye kipimo kimoja. Ukitaka kutumia 200, pima urefu kwenye nondo yenyewe.

Kabla ya kufika huko, tofautisha magonjwa mawili ambayo kwenye karatasi yanafanana: mashine kunyumbuka, na nondo kuteleza ndani ya taya. Yote mawili yanaongeza mwendo wa boriti na kushusha moduli. Lakini mashine iliyonyumbuka hurudi nguvu ikiondolewa, na nondo iliyoteleza hairudi. Hapo ndipo pa kuyakamata.

Panda hadi kN 25, shuka hadi kN 5, kisha panda tena hadi kN 25. Usifike karibu na kulegea. Kwa nondo ya daraja 500 ya mm 12, kN 25 ni chini kidogo ya nusu, kwa hiyo hujaiharibu. Tuseme safari ya kwanza boriti ilitembea mm 1.30. Uliporudi kN 5, haikurudi ilipoanzia. Ilibaki mbele kwa mm 0.23. Safari ya pili ikatembea mm 1.07 tu, na iliporudi ilifika karibu palepale. Hizo 0.23 ni meno ya kabari yakitafuta mahali pa kuuma, na kabari zikijikaza kwenye vishikio. Hizo 1.07 ni unyumbufu wa kweli, wa nondo na mashine kwa pamoja. Ukikokotoa moduli kwenye safari ya kwanza unapata 41 GPa. Kwenye ya pili unapata karibu 50. Kuteleza kumekula hizo tisa, na mashine imekula zilizobaki hadi 200.

Kama safari ya pili, ya tatu na ya nne zote zinabakiza kitu, nondo inaendelea kuteleza na hakuna hesabu itakayokuokoa. Utaona pia kwenye mchoro: badala ya mstari safi kuna meno madogo kama ya msumeno, nguvu inashuka ghafla kisha inapanda, na mara nyingine unasikia mlio. Kabla ya kubana, chora mstari mwembamba wa kalamu ya rangi kwenye nondo pale inapotokea mdomoni mwa taya. Ukishusha nguvu na mstari umebaki nje ya mdomo, jibu unalo. Ukitoa nondo, tazama alama za meno: meno yaliyouma vizuri huacha vishimo, yaliyoteleza huacha mikwaruzo mirefu inayong'aa.

Sababu za kuteleza kwa kawaida ni za usafi na uchaguzi. Magamba meusi ya kiwandani na kutu hujaa katikati ya meno mpaka meno yanageuka kuwa uso laini, na brashi ya waya baada ya kila nondo kadhaa inatosha kuyaondoa. Kabari za nondo nene hutumiwa kwa nondo nyembamba kwa kuwa ndizo zilizopo. Nondo haijaingia vya kutosha, imeshikwa nusu ya urefu wa kabari. Na kuna kosa moja la mafuta ambalo ni rahisi kulifanya: mgongo wa kabari, ule unaoteleza kwenye mteremko wa kishikio, unahitaji grisi ili kabari ijikaze nguvu inapopanda, lakini upande wa meno haupaswi kuona mafuta hata kidogo. Fundi akipaka grisi kwa mkono uleule na kisha akashika nondo, amejiletea tatizo.

Dawa ya magonjwa yote mawili ni moja, kupima urefu kwenye nondo badala ya kwenye boriti. Kifaa chake ni ekstensomita. Kina makali mawili yanayoikamata nondo katikati, mbali na taya, na kinasoma umbali kati ya makali hayo peke yake. Taya iteleze, fremu inyumbuke, makali hayajali. Kwa makali yaliyoachana mm 100, nondo yetu itarefuka mm 0.088 kati ya kN 5 na kN 25. Ukitaka moduli isiyokosea zaidi ya asilimia moja kwa sababu ya urefu, unahitaji kuona tofauti iliyo chini ya elfu moja ya milimita. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kuvuta metali, ISO 6892-1, kwenye kiambatisho chake kinachohusu moduli, kinataka ekstensomita ya daraja 0.5, na kinataka mwinamo ukokotolewe katikati ya sehemu iliyonyooka, takribani kati ya asilimia 10 na asilimia 40 ya mkazo wa kulegea. Chini ya hapo kuna meno yanayotafuta mahali pa kuuma na nondo inayonyooka. Juu ya hapo chuma kinaweza kuwa kimeanza kubadilika.

Ila kuna mtego ambao hata maabara yenye ekstensomita nzuri huingia. Nondo si mstari ulionyooka. Imepinda kidogo kwenye lori au kwenye roli, au taya ya juu na ya chini hazitazamani sawasawa. Nguvu basi haipiti katikati ya nondo, na upande mmoja unavutwa kuliko mwingine. Kwa nondo ya duara, nguvu ikikosa katikati kwa mm e, mkazo wa kupinda ukilinganishwa na wa kuvuta ni 8e/d. Kwa nondo ya mm 12, kukosa katikati kwa mm 0.2 tu kunaongeza asilimia 13 upande mmoja na kuzipunguza upande wa pili. Mm 1 inafika asilimia 67. Ekstensomita iliyofungwa upande mmoja itasoma upande ulioangukia na kukupa 177 au 230, kwa usahihi wa hali ya juu na bila ukweli wowote.

Kwa hiyo pima pande mbili zinazotazamana na uchukue wastani. Ekstensomita ya pande mbili ndiyo bora. Kama una ya upande mmoja, vuta mara tatu kati ya kN 5 na 25, igeuze nyuzi 180, vuta tena mara tatu, kisha chukua wastani wa minyumbuko. Tofauti kati ya pande hizo mbili iandike kwenye daftari, kwa sababu ndiyo inayokuambia taya zako zimenyooka kiasi gani. Makali nayo yakae kwenye chuma laini kati ya mbavu za nondo. Yakikaa kwenye mteremko wa ubavu yatahama kidogo kidogo, na utaona mnyumbuko unaruka huku nguvu ikipanda kwa utulivu. Kuruka kwa namna hiyo ni kuteleza kwa kifaa, na ni tofauti na kuteleza kwa taya, ambako ni nguvu inayoyumba.

Maabara isiyo na ekstensomita ya kielektroniki bado ina njia. Tengeneza pete mbili za chuma zenye skrubu zenye ncha, zifunge kwenye nondo zikiwa zimeachana mm 200, na weka geji mbili za mshale zinazosoma elfu moja ya milimita, moja kila upande. Kwa urefu huo nondo yetu itarefuka mm 0.177, na hatua moja ya geji ni kama asilimia 0.6 ya hiyo. Geji inayosoma mia moja ya milimita haitoshi, maana hatua yake moja ni karibu asilimia 6. Ziondoe pete kabla ya kuvuta hadi kukatika, kwa sababu nondo ikikatika itazirusha.

Na kama hata geji hizo hazipo? Hapo unaweza kuiuliza mashine yenyewe kuhusu unyumbufu wake. Kata vipande vitatu kutoka nondo moja, uvibane urefu wa kati ya taya ukiwa mm 200, 400 na 600. Kila kimoja kipandishe na kukishusha mara mbili ili kabari zitulie, kisha usome mwendo wa boriti kati ya kN 5 na 25 kwenye safari ya tatu. Kwa mashine ya mfano wetu utapata karibu mm 0.98, 1.15 na 1.33. Sehemu ya mashine ni ileile kwenye vipande vyote, kwa hiyo ukitoa kimoja kwa kingine inajifuta. Kila mm 200 zilizoongezwa zimeleta mm 0.177, na ukiweka kwenye hesabu:

E = (20000 × 200) / (113.1 × 0.177) = MPa 199,800

Mstari unaounganisha vipimo hivyo, ukiurudisha nyuma hadi urefu wa sifuri, unakuonyesha mm 0.80, yaani unyumbufu wa mashine kwa kN 20. Ni njia nzuri ya kuijua mashine, lakini usiitegemee kupita kiasi. Kabari zikitulia tofauti kwa mm 0.02 tu kati ya kipande na kipande, jibu linaweza kuhama kwa asilimia 6 hata ukitumia tofauti ya kipande kifupi na kirefu kabisa. Namba ya mashine uliyoipata kwa nondo ya 12 usiihamishe kwa nondo ya 20, kwa sababu kabari zinakaa mahali pengine. Tena unyumbufu wa mashine hauko sawa kwa mizigo yote: fremu huwa laini zaidi mwanzoni, pini zikiwa bado zinakaa, na ngumu zaidi baadaye.

Urefu ukishatulia, rudi kwenye eneo. Nondo yenye mbavu haipimwi kwa kalipa. Kata kipande cha mm 500, kipime uzito, ukokotoe eneo kwa kutumia uzito wa chuma. Kikiwa na gramu 425, eneo ni mm² 108.3, si 113.1. Nondo hiyo iko pungufu kwa asilimia 4.2, na kiwango cha Uingereza BS 4449 kinaruhusu hadi 4.5 kwa nondo zinazozidi mm 8, kwa hiyo ni halali. Lakini kama umetumia 113.1 kwenye hesabu, moduli yako itatoka 191 hata ukiwa umepima urefu vizuri kabisa. Kwa kukubali au kukataa nondo, kanuni zinataka eneo la jina. Kwa moduli, tumia eneo halisi. Ripoti iseme ni lipi limetumika.

Jambo jingine linalosumbua hasa kwetu ni joto. Chuma hurefuka sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Kwa mm 100 hiyo ni mm 0.0012, ambayo ni asilimia 1.4 ya urefu tunaoutafuta. Nondo iliyokuwa nyuma ya pikapu tangu Bariadi, ikapita Lamadi na Magu juani hadi Mwanza, ikiingizwa moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi na kubanwa, itakuwa inapoa na kufupika wakati unaivuta. Iache maabara usiku mzima. Kisha vuta bila kuchelewa: kwa MPa 10 kila sekunde, safari ya kN 5 hadi 25 inachukua sekunde 18, na joto halipati muda wa kuharibu kitu. Vilevile, mashine ya kN 1,000 iliyowekwa kwenye masafa yake ya juu kabisa haisomi kN 5 kwa uhakika. Ishushe kwenye masafa madogo, au angalia cheti cha urekebishaji kinaanzia nguvu gani.

Ukishajua kuipata 200 ya chuma, ndipo una haki ya kupima kitu usichokijua. Siku hizi kuna nondo za nyuzi za kioo, na moduli yake ya kweli huwa karibu GPa 50. Ona hatari iliyopo: ile namba mbovu ya chuma inafanana na namba nzuri ya kioo. Na nondo hiyo ya mm 12 ikipimwa kwa boriti ya mashine yetu itasoma karibu 28.5, halafu mtu aamini kwamba bidhaa ni mbovu. Zaidi ya hayo, kabari za meno huiponda nondo ya kioo kabla haijafika popote, kwa hiyo ncha zake huingizwa kwanza kwenye mabomba ya chuma na kujazwa gundi ya epoksi au zege inayotanuka, na taya hushika bomba.

Kwa uzi wa pamba mambo yanageuka kabisa, na Simiyu ikiwa nchi ya pamba, inafaa kulitaja. Uzi wa teksi 20 hukatika kwa nguvu kama ya nyutoni 3, na kwa nguvu hiyo fremu ya chuma hainyumbuki kwa kiasi chochote cha kuhesabu. Hakuna haja ya kuisahihisha mashine. Kila kosa liko kwenye taya. Kwa urefu wa mm 500, ambao ndio wa kawaida kwa kipimo hiki, mnyumbuko wa asilimia moja ni mm 5. Uzi ukiteleza mm 1 kwenye taya, moduli ya mwanzo imekosea kama asilimia 20. Taya bapa zilizofungwa kwa nguvu huukata uzi mdomoni, na zikilegezwa uzi unateleza. Wanaopima nyuzi hutumia taya ambazo uzi huzungushwa kwanza kwenye kigingi laini, ili msuguano uubebe mzigo kabla haujafika kwenye kibano, na huuanzisha uzi na mvuto mdogo wa sentinyutoni 0.5 kwa kila teksi ili usiwe na ulegevu. Ili kujua kama unateleza, tumia njia ileile ya vipande vya urefu tofauti: pima kwa mm 250 na mm 500. Mnyumbuko wa asilimia ukitoka mkubwa zaidi kwenye uzi mfupi, ziada hiyo inatoka kwenye taya.

Unapopeleka nondo kupimwa, andika kwenye barua ya maombi mambo haya, na uyaandike kabla ya kulipa. Urefu upimwe kwa ekstensomita, na ripoti itaje umbali wa makali yake na kama ilikuwa ya upande mmoja au pande mbili. Mwinamo ukokotolewe kwenye safari ya pili au ya tatu, na mizigo miwili iliyotumika itajwe. Eneo lililotumika liandikwe, pamoja na uzito na urefu wa kipande kilichopimwa. Nondo zisizo na ngazi ya kulegea zionyeshwe mchoro wenyewe, na mstari wa asilimia 0.2 ukiwa umechorwa juu yake. Kisha omba faili la namba zenyewe, safu ya nguvu, safu ya ekstensomita na safu ya boriti, si picha ya mchoro peke yake. Ukizichora safu hizo mbili za urefu kwenye karatasi moja, pengo kati yake ndilo mashine na taya, na utaweza kuzikokotoa mwenyewe ukiwa Bariadi bila kumrudisha mtu yeyote Mwanza.